Basi kutoka Dar, lori kutoka Dodoma: namna ya kupata saa na mahali yatakapopishana

Kila muhula wanafunzi huniletea swali lilelile, na sasa hata wazazi wanaowasimamia watoto wao nyumbani wameanza kuniuliza. Gari moja limetoka mji huu saa fulani, jingine limetoka mji ule saa nyingine, yanaelekeana, je, yatakutana saa ngapi? Kama yote mawili yangeondoka kwa wakati mmoja, wengi wangepata jibu bila shida. Yanapoondoka kwa nyakati tofauti, madaftari hujaa majibu ya kila namna, na mara nyingi kosa halimo katika kujumlisha wala katika kugawanya. Limo katika neno moja dogo, yaani neno "saa", ambalo katika lugha yetu hutaja wakati unaosomwa kwenye saa ya ukutani na pia hutaja muda ambao gari limekaa njiani.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Basi linaondoka Dar es Salaam saa 12:00 asubuhi kuelekea Dodoma, kwa mwendokasi wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Lori lililosheheni magunia ya alizeti linaondoka Dodoma saa 1:30 asubuhi kuelekea Dar es Salaam, kwa mwendokasi wa wastani wa kilomita 40 kwa saa. Umbali wa barabara kati ya miji hiyo miwili tutauchukulia kuwa kilomita 450. Tunataka kujua yatapishana saa ngapi, na yakiwa wapi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji taarifa tano, na ikikosekana hata moja usianze kukokotoa. Ya kwanza ni umbali kati ya miji, uliopimwa kwa kufuata barabara na si kwa kunyoosha rula kwenye ramani. Ya pili na ya tatu ni wakati ambao kila gari linaondoka. Ya nne na ya tano ni mwendokasi wa wastani wa kila gari.

Kuhusu mwendokasi, lazima uelewe maana ya neno "wastani". Nchini Tanzania, basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa katika barabara kuu, na sehemu za makazi zenye alama mwisho ni kilomita 50. Ukiongeza mizani, vituo, na abiria wanaomwomba dereva asimame wachimbe dawa, wastani wa safari nzima hauwezi kuwa 80. Ndiyo sababu nimeliwekea basi letu 60. Kama swali limetoka katika kitabu, tumia namba uliyopewa bila kubishana nayo. Kama ni safari ya kweli, chukua kilomita zote za safari iliyopita uzigawanye kwa muda wote uliotumika, kuanzia kuondoka hadi kufika.

Mwisho, tafuta karatasi na uchore mstari mmoja ulionyooka. Kushoto andika Dar es Salaam, 0. Kulia andika Dodoma, 450. Usiudharau mstari huu hata kama unaona hesabu ni nyepesi, kwa sababu tutaurudia mara kadhaa.

Hatua ya 1: Weka nyakati zote katika mfumo mmoja

Tiketi nyingi na programu za simu huandika 06:00 na 07:30, ilhali wewe na mama yako mnasema saa 12:00 na saa 1:30 asubuhi. Chagua mfumo mmoja ubaki nao mpaka mwisho. Ili kupata saa ya Kiswahili kutoka katika ile ya tarakimu nne, toa 6. Kwa hiyo 06:00 inakuwa 0, ambayo sisi huiita saa 12:00 asubuhi, 07:30 inakuwa saa 1:30 asubuhi, na 14:00 inakuwa saa 8:00 mchana. Kama namba ni ndogo kuliko 6, ongeza 6 badala ya kutoa, hivyo 05:30 ni saa 11:30 alfajiri. Kama baada ya kutoa umepata namba inayozidi 12, toa 12 tena, hivyo 20:00 inakuwa 14, kisha saa 2:00 usiku.

Hatua ya 2: Tafuta tofauti ya nyakati za kuondoka

Basi limeondoka saa 12:00 asubuhi na lori saa 1:30 asubuhi. Mwanafunzi asiyekuwa makini huona 12 na 1, akatoa ndogo katika kubwa, akapata muda wa saa 10 na nusu. Anasahau kwamba saa yetu inaanza kuhesabu upya jua linapochomoza, na kwamba saa 12:00 asubuhi ndiyo sifuri ya mchana. Ukiandika 0:00 mahali pa 12:00, tofauti inaonekana yenyewe: kutoka 0:00 hadi 1:30 ni saa moja na nusu, yaani muda wa saa 1.5.

Kama gari la kwanza limeondoka kabla ya saa 12, hesabu kwa vipande viwili. Mathalani, kutoka saa 11:30 alfajiri hadi saa 12:00 ni nusu saa, na kutoka saa 12:00 hadi saa 1:00 asubuhi ni saa moja, jumla saa moja na nusu. Njia hiyohiyo inatumika jioni, jua linapotua na hesabu kuanza tena.

Kuanzia hapa nitaandika wakati wa ukutani kwa nukta mbili, kama 1:30, na muda wa njiani kwa desimali, kama 1.5. Nakusihi nawe ufanye hivyo katika daftari lako. Utaona kwenye Hatua ya 5 kwamba tabia hii peke yake inazuia kosa ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

Hatua ya 3: Lipeleke mbele gari lililotangulia, peke yake

Kwa muda wa saa 1.5 ya kwanza kuna gari moja tu barabarani. Lori bado liko Dodoma, pengine wapakiaji wanafunga turubai. Kwa hiyo katika kipindi hiki huna ruhusa ya kujumlisha mienendo ya magari mawili. Hesabu umbali wa basi peke yake:

60 × 1.5 = kilomita 90

Sasa rudi kwenye mstari wako na utie alama kwenye kilomita 90. Hapo ndipo basi lilipo lori linapowasha injini. Umbali uliobaki kati yao ni:

450 − 90 = kilomita 360

Hatua hii ndiyo moyo wa hesabu yote. Ulichofanya ni kuligeuza swali gumu kuwa lile jepesi unalolijua tayari: magari mawili yanayoondoka kwa wakati mmoja, saa 1:30 asubuhi, yakiwa yameachana kwa kilomita 360. Kuanzia hapa sahau Dar es Salaam na sahau saa 12:00.

Onyo: zidisha kwa mwendokasi wa gari lililotangulia, si wa lile lililochelewa. Wapo wanaoandika 40 × 1.5 = 60 kwa sababu macho yao yalitua kwenye lori lililotajwa mwisho. Jiulize ni nani aliyekuwa akitembea katika muda huo, ukaandike mwendokasi wake.

Hatua ya 4: Jumlisha mienendo na ugawanye

Sasa magari yote mawili yanatembea. Kila saa inayopita, basi linapunguza kilomita 60 katika ile nafasi iliyobaki, na lori linapunguza 40 kutoka upande wa pili. Kwa pamoja wanaipunguza nafasi hiyo kwa kilomita 100 kila saa. Muda watakaotumia kuimaliza ni:

360 ÷ 100 = 3.6

Jibu hili ni muda wa njiani, unaohesabiwa tangu lori lilipoondoka.

Kujumlisha kunafaa kwa sababu magari yanaelekeana. Kama yangekuwa yanakwenda upande mmoja, moja likilifukuza jingine, tungetoa. Mwanafunzi aliyetoka kusoma mada ya kufukuzana huandika 60 − 40 = 20, akapata 360 ÷ 20 = 18, na hashtuki kwamba kwa muda wa saa 18 basi lingekuwa limeshafika Dodoma, limeshusha abiria na kurudi.

Hatua ya 5: Geuza desimali kuwa dakika, kisha ongeza kwenye saa iliyo sahihi

Hapa yamo makosa mawili yanayofuatana, nami nitayaeleza polepole.

La kwanza ni kugeuza 3.6. Sehemu ya 0.6 si dakika 6, wala si dakika 60. Ni sehemu sita za kumi za saa moja, na saa moja ina dakika 60, kwa hiyo 0.6 × 60 = dakika 36. Muda wetu ni saa 3 na dakika 36. Zidisha tu ile sehemu ya baada ya nukta kwa 60, na ile ya mbele ya nukta uiache ilivyo. Kama baada ya kuzidisha inabaki desimali nyingine, zidisha hiyo tena kwa 60 upate sekunde, ingawa kwa magari ya barabarani sioni faida ya kufika huko.

La pili ndilo lile nililolitaja mwanzoni. Mwanafunzi akishapata saa 3 na dakika 36, hushusha kalamu na kuandika: "Yatakutana saa 3:36 asubuhi." Lugha yenyewe imemponza, kwa maana amesoma "saa 3 na dakika 36" akasikia wakati wa ukutani, ilhali alichokipata ni muda. Muda hauwezi kuwa jibu la "saa ngapi" mpaka uongezwe kwenye wakati wa kuanzia. Na wakati wa kuanzia ni ule wa gari la pili, kwa sababu hesabu ya 3.6 ilianza lori lilipoondoka:

1:30 + saa 3 na dakika 36 = 4:66

Dakika 66 ni saa moja na dakika 6, hivyo 4:66 inakuwa 5:06. Magari yatapishana saa 5:06 asubuhi.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha katika mfano huu. Basi liliondoka saa 12:00 asubuhi, ambayo tumekwisha kusema ndiyo sifuri ya mchana. Kwa hiyo abiria wa basi hilo hahitaji kutoa chochote ili ajue amekaa njiani kwa muda gani: saa ya mkononi ikisoma 5:06, amesafiri kwa saa 5 na dakika 6. Dereva wa lori hana bahati hiyo, kwani lazima kwanza atoe 1:30.

Hatua ya 6: Tafuta mahali, kisha uhakiki

Lori limetembea kwa muda wa 3.6, hivyo limekwenda 40 × 3.6 = kilomita 144 kutoka Dodoma. Basi limetembea kwa muda huo pamoja na ule wa mwanzo, yaani 3.6 + 1.5 = 5.1, hivyo limekwenda 60 × 5.1 = kilomita 306 kutoka Dar es Salaam. Jumlisha:

306 + 144 = 450

Jumla imelingana na umbali wote, na huo ndio uhakiki. Usikabidhi jibu bila kufanya hivyo. Kwa wanaoijua barabara ile, hapo ni kati ya Dumila na Gairo. Zingatia pia kwamba hapo si katikati ya safari, kwani katikati ni kilomita 225. Magari hukutana katikati pale tu yanapokuwa na mwendokasi sawa na kuondoka pamoja, au pale ambapo namba zimeangukiana kwa bahati.

Njia ya jedwali, kwa asiyependa fomula

Baadhi ya wanafunzi wangu wanapotezwa na hatua za kugawanya lakini wanaona kila kitu mara tu wanapochora jedwali. Andika mahali kila gari lilipo, kwa kilomita kutoka Dar es Salaam, ukiruka saa moja moja tangu lori lilipoondoka:

| Wakati | Basi | Lori | Nafasi kati yao |
|---|---|---|---|
| 1:30 | 90 | 450 | 360 |
| 2:30 | 150 | 410 | 260 |
| 3:30 | 210 | 370 | 160 |
| 4:30 | 270 | 330 | 60 |
| 5:30 | 330 | 290 | yamepishana |

Safu ya mwisho inashuka kwa 100 kila mstari, na hiyo ndiyo ile jumla ya mienendo ya Hatua ya 4. Saa 4:30 bado kuna kilomita 60 kati yao, na saa 5:30 basi tayari liko mbele ya lori, kwa hiyo yamepishana katikati ya nyakati hizo. Kilomita 60 zinamalizwa kwa 60 ÷ 100 = 0.6 ya saa, yaani dakika 36 baada ya 4:30, nasi tunarudi kwenye 5:06. Jedwali ni refu kidogo, lakini halikuruhusu kusahau gari lililotangulia.

Kwa wanaotakiwa kuandika mlinganyo

Shule za sekondari hudai mlinganyo, na namba ni zilezile. Tuseme *m* ni muda ambao lori limetembea hadi kukutana. Basi limetembea kwa *m* + 1.5. Umbali wa magari yote mawili ukijumlishwa ni 450:

60(m + 1.5) + 40m = 450

100m + 90 = 450

m = 3.6

Ile 90 iliyojitokeza kwenye mstari wa pili ni zile kilomita ambazo basi lilikwenda peke yake. Kama ungetaka *m* iwe muda wa basi, lori lingekuwa na *m* − 1.5, na jibu lingekuwa 5.1, ambalo ungeliongeza kwenye saa 12:00. Njia zote mbili ni sahihi. Kisichokubalika ni kuanza bila kuandika *m* ni muda wa nani, kwa sababu mwishoni hutajua uiongeze kwenye saa ipi. Mimi humpunguzia mwanafunzi alama kwa kutoandika sentensi hiyo hata kama jibu lake ni sahihi, na wananung'unika, lakini sijabadilika.

Basi likisimama njiani

Swali hili halimo sana vitabuni, ila ndilo analokumbana nalo mtu anayetaka kweli kumpokea mwenzake njiani. Tuseme basi letu linasimama Morogoro kwa nusu saa ili abiria wale. Morogoro iko takriban kilomita 195 kutoka Dar es Salaam, na kwa kilomita 60 kwa saa basi linafika hapo baada ya 195 ÷ 60 = 3.25, yaani saa 3:15 asubuhi. Hiyo ni kabla ya 5:06, hivyo kusimama huko kutaathiri jibu. Kama lingesimama Gairo, ambako linafika baada ya kupishana na lori, hesabu isingebadilika hata kwa dakika moja. Kwa hiyo kwanza tazama kituo kiko upande gani wa mahali pa kukutana.

Ili kukihesabu, toa muda wa kusimama katika muda wa kutembea wa basi. Badala ya *m* + 1.5, basi limetembea kwa *m* + 1.5 − 0.5, yaani *m* + 1:

60(m + 1) + 40m = 450

100m = 390

m = 3.9

Muda wa 3.9 ni saa 3 na dakika 54. Ukiongeza kwenye 1:30 unapata saa 5:24 asubuhi. Uhakiki: basi 60 × 4.9 = 294, lori 40 × 3.9 = 156, jumla 450.

Tazama vizuri: basi limesimama dakika 30, lakini kukutana kumechelewa dakika 18 tu. Wengi hutarajia ziwe 30, nao huongeza dakika 30 kwenye jibu la mwanzo na kuandika 5:36. Wanasahau kwamba abiria walipokuwa wakila, lori halikusimama. Basi lilipoteza kilomita 30, na kilomita hizo zikazibwa na magari yote mawili kwa kilomita 100 kwa saa, ambazo ni 0.3 ya saa, yaani dakika 18.

Hapohapo tunaona pia uzito wa kosa la umbali. Katika mfano huu kila kilomita 10 unazokosea zinasogeza jibu kwa 10 ÷ 100 = 0.1 ya saa, yaani dakika 6. Mabasi ya kwenda mikoani hayaanzii tena katikati ya jiji bali Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na ukikadiria kwamba umepunguza safari kwa kilomita 20, basi lisiposimama njiani magari yatapishana dakika 12 kabla ya ile 5:06, yaani saa 4:54.

Jibu likikataa

*Jumla ya umbali haifiki 450.* Ukihakiki saa 3:36 asubuhi, basi limekwenda 216 na lori 84, jumla 300. Umeongeza muda kwenye saa ya gari la kwanza badala ya la pili. Rudi Hatua ya 5.

*Umepata saa 4:30 au saa 6:00 kamili.* Umegawanya 450 ÷ 100 = 4.5 bila kulipeleka basi mbele kwanza. Saa 4:30 jumla ya umbali ni 390, bado kuna kilomita 60 kati yao, na saa 6:00 jumla ni 540, yaani yamekwisha kupishana zamani. Rudi Hatua ya 3.

*Umbali uliobaki umetoka hasi.* Tuseme lori lingeondoka saa 8:00 mchana. Basi peke yake lingekwenda 60 × 8 = 480, ambazo zinazidi 450. Hesabu haijaharibika: inakuambia kwamba basi lilishafika Dodoma saa 7:30 mchana, hata kabla lori halijaondoka, na magari hayo hayatakutana barabarani kamwe. Jibu la kuandika ni hilo, kwa maneno.

*Jibu ni kubwa mno au dogo mno, kama 0.06 au 216.* Umechanganya vizio. Kama mwendokasi ni kilomita kwa saa, muda wa Hatua ya 2 lazima uwe kwa saa. Dakika 90 ziandike 1.5 kabla ya kuzidisha.

*Jibu linatofautiana na la mwenzako kwa saa moja kamili, na safari inavuka mpaka.* Angalia saa za nchi. Rwanda, Burundi na Zambia ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Lori lililotoka Lusaka saa 12:00 asubuhi ya huko limeondoka saa 1:00 asubuhi ya Dar es Salaam, na lazima uandike nyakati zote mbili kwa saa ya nchi moja kabla ya kwenda Hatua ya 2.

*Hesabu ni sahihi lakini magari hayakuonana.* Hakikisha yalifuata barabara moja. Anayetoka Dodoma anaweza kufika Arusha kwa kupitia Kondoa na Babati, au kwa kuzunguka Morogoro, Chalinze na Korogwe. Kama mmoja amepita huku na mwingine kule, hakuna mstari mmoja wa kuchora, na Hatua ya 3 haina mahali pa kutia alama.